Anti, mshahara wa miezi miwili nimeukuta kwenye akaunti niliyoisahau

Anti shikamoo. Mimi ni mwanaume wa miaka 38, niko Nkuhungu hapa Dodoma na mke na watoto wawili, ni mtunza stoo kwenye kampuni moja ya watu binafsi. Mshahara wangu ni 900,000, wakishatoa NSSF na kodi inabaki 729,500, na benki ninayochukulia wanakata mkopo wao 260,000 kila mwezi, ule mkopo nilijengea.

Mwisho wa mwezi wa tano wenzangu wote meseji zimeingia, mi kimya. Nikasema labda mtandao. Kesho kimya, keshokutwa kimya. Nikaenda kwa mhasibu akanionyesha kwenye kompyuta kwamba imelipwa, nikaenda benki wakaniambia kaka hapa hakuna kitu. Anti nimezunguka hivo wiki tano, huku imelipwa kule haijaingia, mpaka mwezi wa sita nao ukaisha hivo hivo.

Nyumbani ndo kukachafuka. Mke wangu ana genge la mboga Sabasaba, akaanza kusema kampuni nzima imepata mshahara we peke yako ndo hujapata, kuna mwanamke anahudumiwa. Akampigia mjomba wangu, Jumapili kikao kikakaliwa watu saba sebuleni kwangu, mjomba ananiuliza mbele ya mashemeji "mwanaume mzima hela inaenda wapi?" Sikuwa na jibu. Kweli lakini aliyetulisha ni yeye huyo huyo, alitoa 300,000 zake za vikoba tukala na ada ikalipwa. Mi nikachukua 200,000 kwa wale jamaa wa kausha damu nirudishe 260,000, na bosi kwa huruma akanipa advansi 400,000, akasema utarudisha mshahara ukipatikana.

Sasa wiki iliyopita nimekaa stoo naangalia salari slipu, nikaona namba ya akaunti pale chini siyo yangu ya siku zote. Moyo ukapiga paa. Nikakumbuka 2014 nilipoanza kibarua kampuni hiyo hiyo tulifunguliwa akaunti benki nyingine kabisa, nikaja kuiacha 2018 nilipohamia hii ya mkopo. Kadi sijui iko wapi, laini niliyosajilia nilishaitupa. Nikaenda na kitambulisho cha NIDA, yule dada wa kaunta akaangalia akasema una 1,417,000 humu, makato ya nyuma yamekula 42,000, ila akaunti imelala huwezi kutoa mpaka uiamshe. Kumbe kampuni walibadilisha mfumo wa mishahara mwezi wa tano na kijana wa kompyuta akapakia faili la zamani.

Leo ni siku ya tisa sijamwambia mke wala ofisi. Anayejua ni rafiki yangu mmoja wa kazini, anasema kaa kimya, mhasibu ameshaandika barua benki hela ifuatiliwe irudi, na bosi amesema mwezi huu nilipwe upya ile iliyopotea, kwa hiyo nitakula mara mbili na kosa ni lao. Mi siyo mwizi Anti. Ila mama yangu Kondoa bati zake zimeoza miaka yote namwahidi, nawaza nipeleke hizi hela huko kabla hazijajulikana, maana mke akijua zitaishia nyumbani, na aliyenidhalilisha mbele ya watu ni yeye. Tena nawaza bora mshahara uendelee kuingia huko huko, hawa wa mkopo watanikata baadaye, angalau na mi niishike hela yangu nzima. Nifanyeje?

Baba Wawili, Nkuhungu

*

Marahaba mwanangu. Mimi kabla sijaanza kujibu barua za watu nilikaa ofisi ya mishahara miaka 11, kwa hiyo yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kama mama mtu, mara ya pili kama karani, na nikuambie ukweli karani ndo alishtuka zaidi.

Ngoja nianze na hizo wiki tano, maana nadhani kuna hasira ndani yake ambayo haina mwenyewe. Wewe unaona kuna mtu alikudanganya. Mimi sioni. Mshahara ukitoka ofisini unatoka kama orodha, jina, benki, namba ya akaunti, kiasi, basi. Kompyuta ya benki inayopokea inatafuta ile namba, ikiipata na jina likifanana inaweka hela, haina habari kama mwenyewe anaitumia au aliisahau tangu 2018. Hela inarudi kama akaunti ilifungwa kabisa, au namba imekosewa, au jina halifanani. Yako haikufungwa, uliiacha tu, na kuacha siyo kufunga. Akaunti iliyolala ni kama mlango wa mtego, kuingia inaruhusu kutoka ndo inakataa. Na kwa vile ilikuwa na deni la makato ya kila mwezi ya miaka yote hiyo, hela ya kwanza kuingia tu wakajichukulia 42,000 zao.

Kwa hiyo mhasibu alivyosema imelipwa alisema kweli. Benki yako ya sasa waliosema haijaingia walisema kweli. Sentensi moja tu ndo ilikosekana pale kwa mhasibu: "naomba unisomee namba nzima ya akaunti mliyolipa." Siku ya kwanza kabisa ungeipata. Hata salari slipu ya mwezi wa tano lazima ilikuwa na namba hiyo hiyo, ila nani anasoma chini kule, watu tunaangalia kilichobaki tunakunja tunaweka mfukoni. Sikulaumu, nakuambia kwa sababu kuna wengine wanasoma hapa na wako kwenye wiki ya pili ya kuzunguka.

Na mkeo je? Yeye alisema hela imeenda mahali ambapo hapajui. Sasa baba, si ndo ilivyokuwa? Mwanamke hayupo, hilo alikosea na aliumiza, lakini hela ilikuwa kwenye akaunti yenye jina lako ambayo yeye hajawahi kuisikia. Naliweka hapa mapema kwa sababu siku akiiona ile karatasi ya benki, kitu cha kwanza atakachokiona ni jina lako.

Haya sasa njoo tuhesabu, chukua hata kalamu. Kwenye akaunti kuna 1,417,000. Benki ya mkopo haijakata miezi miwili, 260,000 mara mbili ni 520,000, adhabu ya kuchelewa sijaiweka. Advansi ya bosi 400,000. Vikoba vya mkeo 300,000. Kausha damu 260,000. Jumlisha. Mimi napata 1,480,000.

Umeona? Umepungukiwa 63,000 na adhabu bado.

Nilipofika hapo niliweka kalamu chini, maana barua yako yote inaongea kama mtu aliyeokota kitu. Angalia tena kwa upande mwingine. Kawaida baada ya mkopo unabakiwa na 469,500 kwa mwezi, miezi miwili ni 939,000. Na miezi hii miwili mmeishi kwa 300,000 za mkeo, 200,000 za kausha damu na 400,000 za bosi, jumla 900,000. Yaani mmeishi vile vile kama siku zote! Ule mshahara mwanangu mmeshaula, mliula kupitia mifuko ya watu, na hiki kilicholala benki ni cha hao watu wenye mifuko. Kwa hiyo bati za mama ukizinunua leo, swali siyo kama unampa mama au unaipa nyumba. Swali ni kati ya hao wanne nani unamnyima, na ninavyokusoma naona atakayenyimwa ni yule ambaye hana mkataba wala riba, ndo huyo wa genge la Sabasaba.

Sisemi umfanye nini mama. Najua bati zilizooza zinavyomkaa mtoto wa kiume moyoni, hasa ukipita ile barabara ya Kondoa ukaona nyumba za wenzako zinang'aa. Lakini tuko mwezi wa saba. Mvua zetu huku kwa kawaida zinaanza mwezi wa kumi na mbili, kwa hiyo kati ya leo na tone la kwanza una mishahara ya mwezi wa saba, wa nane, wa tisa, wa kumi na wa kumi na moja. Mitano. Mtu anaweza kununua bati chache kila mwezi, zikalala uvunguni, mwezi wa kumi na moja fundi akapanda. Au ukaona haiwezekani mpaka mwakani. Ila hili la kwamba lazima iwe sasa hivi kabla hazijajulikana, hebu jiulize haraka hiyo inatoka kwenye paa au inatoka kwenye kile kikao.

Nirudi kwa rafiki yako. Mimi hizo barua za kufuatilia hela nimeziandika nyingi tu. Barua inatoka kwa mhasibu inaenda benki ya kampuni, wao wanawauliza wale wa benki yako ya zamani, na jibu linalorudi kwa kawaida ni mstari mmoja: hela iliwekwa tarehe fulani, akaunti namba fulani, jina fulani. Jina lenyewe ni lako. Kama ulishaiamsha akaunti na kutoa, kuna tarehe ya kuamsha, kuna saini yako, na kuna kitambulisho chako kimetolewa kopi. Inaweza ikachukua siku nne, inaweza ikachukua wiki sita, nimeona vyote, ila siri ya rafiki yako ina umri wa barua hiyo tu.

Na tuseme bosi akakulipa upya kabla jibu halijarudi. Hapo utakuwa umelipwa kazi ile ile mara mbili ukijua, na ile ya pili watakudai kihalali kabisa. Unavyosema kosa ni lao, nakubali, mpaka ile siku uliyosimama pale kaunta dada akakutajia 1,417,000. Tangu siku hiyo kosa limeanza kuhama kidogo kidogo kuja kwako, na leo ni siku ya tisa. Mtunza stoo unalijua hili kuliko mimi, bidhaa ikizidi kwenye hesabu ukainyamazia, siku ya ukaguzi nani anaulizwa, aliyeleta au aliyeipokea?

Upande wa pili, siwezi kukuambia ukienda kusema utapokelewa kwa maua. Mhasibu anaweza kuona aibu akakugeuzia kibao, kwamba wewe ndo hukuleta taarifa za akaunti. Ndo maana mtu mwenye akili anaenda na karatasi, siyo mdomo. Barua fupi, tarehe, "mshahara wa mwezi wa tano na wa sita umelipwa akaunti hii ambayo niliacha kuitumia 2018, naomba irekebishwe iwe hii," unaambatanisha taarifa ya benki yenye muhuri kwa akaunti zote mbili, unabaki na kopi iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Fanya hivyo kabla hawajafunga mishahara ya mwezi huu, ofisi nyingi zinafunga kuanzia tarehe 15 kwenda 20, ikipita hapo mwezi wa saba nao unaenda kulala huko huko.

Kwenye barua hiyo hiyo kuna mambo mawili ambayo ningekuwa wewe ningeyafikiria. La kwanza advansi. Ukinyamaza, siku watakayogundua wanaweza kuikata yote kwa mkupuo, sasa toa 400,000 na mkopo 260,000 kwenye 729,500 uone unabaki na nini, 69,500, mwezi mzima. Ukienda mwenyewe unaweza kuirudisha taslimu kutoka kwenye hizi, au ukaomba ikatwe nusu nusu, hapo ni wewe na bosi, na mtu aliyekupa kwa huruma huwa anasikiliza. La pili ile 60,000 ya juu ya kausha damu, na adhabu ya benki kama ipo. Hizo zimetokana na faili lao la zamani. Kuomba wakufidie siyo dhambi. Wanaweza kukataa, lakini kama hukuandika hawana hata cha kukataa. Hizo 42,000 za makato ya nyuma sahau, hizo ni za uvivu wako wa kutofunga akaunti, samahani.

Kuhusu mshahara uendelee huko huko ili uishike nzima. Nakuelewa, hakuna mfanyakazi mwenye mkopo ambaye hajawahi kuota hiyo ndoto. Ila kumbuka ulivyokopa kuna karatasi mwajiri wako alisaini kwamba mshahara wako utapita benki hiyo mpaka deni liishe. Ukisababisha usipite, wanaomsumbua ni yeye, na kama kuna mwenzako alikudhamini simu zinahamia kwake. Na kuchelewa kunaandikwa, mabenki yanapeleka taarifa za wakopaji kwenye kanzidata ya Benki Kuu, ukija kutaka mkopo hata benki nyingine kabisa wanakukuta humo. Miezi hii miwili bado ina maelezo, unawapelekea barua ya mwajiri kwamba mshahara ulipotea njia, nimeona benki ikifuta adhabu kwa karatasi kama hiyo, siyo zote lakini imetokea. Mwezi wa saba nao ukipita hivyo, maelezo hayo yanakuwa yamechacha.

Sasa kuna kitu kimoja sijui kama umekiwaza. Kama namba ya akaunti ilirudi ya 2014, kwa nini iwe hiyo peke yake? Faili likipakiwa la zamani linakuja na uzamani wake wote. Waombe wakuonyeshe ukurasa wako mzima. Angalia namba ya NSSF, waliopakia vibaya nimewaona wakiingiza namba yenye tarakimu moja pungufu na michango inakatwa kwenye slipu lakini haionekani kule, na hilo unaligundua miaka kumi baadaye ukiwa na mvi. Nenda ofisi ya NSSF au angalia kwa simu kama 90,000 yako ya mwezi wa tano na ya kampuni zimeingia. Halafu angalia pale panapoandikwa mtu wa kujulishwa ukipata tatizo. 2014 uliandika nani? Mke wako yumo?

Nauliza hivyo kwa sababu natafuta njia ya kufika kwake, na naona umeiziba kwa neno moja, amenidhalilisha. Alikudhalilisha ndio. Watu saba sebuleni mwako, swali halina jibu, na wewe hukuwa na kosa. Hiyo inauma, wala sitakuambia usiumie. Ila nikikusoma vizuri, sehemu ya kunyamaza kwako hizi siku tisa siyo bati na wala siyo rafiki wa kazini, ni kwamba kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tano wewe ndo unajua kitu na wao hawajui. Inaweza kuwa nakosea.

Unaweza kwenda kwake na karatasi kabla hujatoa hata shilingi. Umwonyeshe tarehe ya kufungua akaunti, kama mlioana baada ya hapo basi ilikuwepo kabla yake, umwonyeshe hakuna mtu aliyetoa wala kuweka tangu 2018 mpaka mwezi wa tano huu. Karatasi hiyo inakusafisha kuliko kiapo. Hatari yake ni kwamba atauliza umejua lini, na jibu ni siku tisa au kumi na mbili au kumi na tano, kila ukichelewa namba inakua na ndo itakayokuwa ugomvi, siyo hela. Au unaweza kusubiri uiamshe akaunti, utoe, uje na 300,000 zake mkononi ndo umweleze. Wako wanawake wanaolainika kwa hiyo, mkono ukitangulia na mdomo ukifuata, na wako ambao watakuuliza kumbe ulikuwa nazo. Wewe ndo unamjua wako ni yupi. Mimi namjua kwa kitu kimoja tu, kwamba kipindi kile anakushuku una mwanamke ndo kipindi alichovunja vikoba akakulisha. Sijui hicho unakisomaje.

Na kuna mjomba. Kikao kilikuwa cha watu saba, je kusafishwa kwako kutakuwa chumbani peke yenu? Wapo wanaume wanaona yaishe tu, na wapo ambao kila sikukuu wakikaa na mjomba hilo swali linarudi kooni. Kama wewe ni wa pili, pengine anayefaa kumpigia mjomba siyo wewe, ni yeye aliyempigia mwanzo. Muulize kama atakubali. Usimlazimishe.

Kuhusu kuiamsha, haina ugumu, inataka mwili wako. Unaenda mwenyewe na NIDA, unajaza fomu ya taarifa mpya, baadhi ya matawi wanaomba barua ya mwajiri au ya serikali ya mtaa kwa hiyo piga simu uulize kwanza usije ukapanda bodaboda mara mbili. Ikishaamka usibebe milioni na laki nne kwenye daladala za Nkuhungu, wahamishe moja kwa moja kwenda benki yako ya sasa, ila jua kabisa ikitua tu wale wa mkopo watajichukulia 520,000 zao na adhabu kama ipo papo hapo, wala hawatakuuliza. Kama kausha damu ndo mwenye riba inayokimbia na ndo anayekuja mlangoni, unaweza kutoa ya kwake taslimu pale kaunta kwanza, na ya vikoba pia, halafu ndo uhamishe inayobaki. Mpangilio huo uamue wewe, au mwamue wawili. Baada ya hapo unaifunga akaunti au unaibakiza, na ukiibakiza mwandikie mama watoto namba yake mahali.

Jambo la mwisho kabisa ni ile laini uliyoitupa. Laini ikikaa bila kutumika kampuni ya simu inaipa mtu mwingine, na akaunti yako bado imeandikwa namba hiyo. Kwa hiyo siku unaamsha, hakikisha wanaifuta kwanza ndo waweke ya sasa, usiamshe akaunti yenye milioni huku ufunguo uko kwa usiyemjua. Ukimaliza ipigie. Akipokea mtu msalimie vizuri, kuna uwezekano mwisho wa mwezi wa tano alipata meseji ya kuwekewa 729,500 akadhani ni matapeli.